Faili ya Excel ukiifunga na Mark as Final ama ukiisaini: nini kinazuiwa na nini hakizuiwi

Kwa vyama vingi hapa Nairobi kitabu cha hesabu siku hizi ni faili ya Excel inayozunguka kwenye grupu la WhatsApp, na mhazini akishamaliza hesabu za mwaka anaenda File, halafu Info, halafu Protect Workbook, anabonyeza Mark as Final, anatuma, anajua kazi imeisha na faili imefungwa. Haijafungwa. Hapo ndio watu wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu hiyo menyu ya Protect Workbook imeweka pamoja vitu ambavyo havifanani kabisa: kuna Mark as Final, kuna Encrypt with Password, kuna Protect Current Sheet, kuna Add a Digital Signature, na mtu akiona neno Protect juu yake anafikiri zote zinalinda. Mimi nitashika mbili tu, Mark as Final na sahihi ya kidijitali, kwa sababu ndizo watu wanazidhania ni kufuli na zote mbili si kufuli.

Tuanze na Mark as Final yenyewe, ambayo ilikuja na Office 2007. Ukiibonyeza Excel inasevu faili, inaandika ndani yake kwamba hii ni toleo la mwisho, na inazima kuandika. Anayefungua anaona mstari wa manjano juu unaosema mwandishi ameiweka kama ya mwisho ili watu wasiiediti, na vitufe vingi vya kuediti vimefifia. Lakini kwenye huo huo mstari wa manjano kuna kitufe kimeandikwa Edit Anyway. Hakuna paswadi, hakuna kuulizwa wewe ni nani, unabonyeza na faili inafunguka kama vile haikuwahi kuwekwa kitu. Microsoft wenyewe wanasema waziwazi kwamba hii si kinga ya usalama, ni ya kumwambia mwenzako "hii ndio imekamilika, usiiguse bila sababu".

Na hata hicho kitufe si lazima ukipitie. Faili ya .xlsx kwa kweli ni faili ya zip yenye mafaili madogo madogo ndani, kwa hivyo ukitengeneza kopi yake na ubadilishe jina iishie na .zip utaiona ikifunguka kama folda. Ndani kuna folda inaitwa docProps, na kwenye custom.xml utapata kitu kama hiki:

```xml
<property ... name="_MarkAsFinal">
  <vt:bool>true</vt:bool>
</property>
```

Hiyo true ndiyo ulinzi wote. Mtu anayejua makro kidogo anaandika `ActiveWorkbook.Final = False` na imetoka, na programu yoyote isiyojali hiyo alama itafungua faili na kuediti kana kwamba haipo. Matoleo ya Office yaliyokuja kabla ya 2007 yakifungua faili kama hiyo hayaizuii kuediti, kwa sababu hayajui hiyo alama ni ya nini.

Sasa tuchukue mfano tuuone mpaka mwisho. Tuseme chama kule Umoja kina wanachama 18, majina yako mstari wa 2 hadi 19, na kolamu ya F ni deni la mkopo ambalo kila mtu bado hajalipa. Chini kwenye F20 kuna jumla, `=SUM(F2:F19)`, inasoma 612,300. Mwanachama wa mstari wa 14 ana deni la 84,500. Mhazini anaweka Mark as Final, anatuma kwenye grupu Ijumaa jioni, na mkutano ni Jumapili.

Huyo wa mstari wa 14 anafungua faili kwenye kompyuta. Kwanza anakutana na ule mstari mwingine wa Protected View, kwa sababu faili imetoka mtandaoni, anabonyeza Enable Editing. Halafu mstari wa Mark as Final, anabonyeza Edit Anyway. (Hapa niseme tu, watu wamezoea kubonyeza mistari ya manjano bila kuisoma, kwa hivyo hata lile onyo ambalo lingemfanya mtu wa kawaida asite halimstui mtu.) Anageuza 84,500 kuwa 48,500, tarakimu mbili tu zimebadilishana nafasi, akishikwa atasema ni kuteleza kwa kidole. F20 inajihesabu yenyewe na inasoma 576,300, yaani shilingi 36,000 zimepotea lakini jumla inalingana na kolamu vizuri kabisa, kwa hivyo anayekagua kwa kujumlisha hataona kitu. Kisha anarudi File, Info, Protect Workbook, anabonyeza Mark as Final tena. Mstari wa manjano umerudi. Anatuma faili kwa watu wawili watatu kwa meseji ya pembeni, "nimewatumia ile ya mhazini, ile ya grupu ilikuwa haifunguki".

Jumapili kuna faili mbili zenye jina moja na zote zina alama ya mwisho. Ipi ni ya mhazini? Ile alama haikusaidii hata kidogo, kwa sababu haikumbuki nani aliiweka wala lini, na mtu yeyote anaweza kuiweka. Ukienda kwenye Info utaona Last Modified By na jina, lakini hilo jina ni lile ambalo mtu ameliandika kwenye Excel yake chini ya File, Options, General, anaweza akaandika la mhazini ama la chifu akitaka. Kwa hivyo kama mna mabishano, Mark as Final haina ushahidi wowote ndani yake. Kitu pekee inachozuia ni bahati mbaya: mtu anayetaka tu kusoma akagusa kibodi na kufuta seli bila kujua. Kwa hiyo kazi ni nzuri sana na mimi bado naitumia, mradi mtu asiiuzie watu kama kufuli.

Sahihi ya kidijitali ni kitu kingine, na inafanya kazi tofauti kabisa. Hapa simaanishi ile picha ya sahihi ambayo watu wanaskani na kubandika kwenye shiti. Ile ni picha tu, anayetaka anaikopi na kuibandika kwenye faili yake, na hata namba zikibadilika picha inabaki pale pale inang'aa. Sahihi ya kidijitali inahitaji uwe na cheti cha kidijitali kwenye Windows, na hicho cheti kina jina lako na kimefungamana na ufunguo wa siri ambao unabaki kwako. Ukienda Protect Workbook na kubonyeza Add a Digital Signature, Excel inachukua zile sehemu za faili, shiti, fomula, namba, mitindo, inakokotoa alama ya kila sehemu, halafu inafunga hizo alama kwa ufunguo wako na kuweka matokeo ndani ya ile zip kwenye folda inaitwa _xmlsignatures. Ukitaka ionekane kwenye shiti yenyewe kuna Insert, Signature Line, ambayo inachora mstari wa kusaini, lakini kinachofanya kazi chini yake ni kile kile.

Faili ikishasainiwa Excel inaiweka pia kama ya mwisho, kwa hivyo mstari wa manjano na Edit Anyway unauona hata hapa. Ndio maana wengi wanasema "si ni kitu kimoja". Tofauti inaonekana ukibonyeza hicho kitufe: Excel inakuonya kwamba ukiediti sahihi zitaondolewa, unataka kuendelea? Ukikubali zinaondoka. Tazama vizuri hapo, haijasema huwezi kuediti. Inasema unaweza, lakini sahihi ya mwenzako haitabaki.

Turudi kwa mwanachama wetu wa mstari wa 14, safari hii mhazini amesaini kwa cheti cha kweli. Ana njia tatu na kila moja ina matokeo yake.

Njia ya kwanza anaediti ndani ya Excel, sahihi inatoka, anasevu 48,500 yake, anaweka Mark as Final, anatuma. Hapa ndio kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha: faili iliyotolewa sahihi haina kovu. Haibaki na maandishi "hapa palikuwa na sahihi ya mhazini ikavunjwa". Inaonekana sawasawa na faili ambayo haijawahi kusainiwa na mtu yeyote. Kama wanachama hawajui kwamba faili halali ni lazima iwe na sahihi, wataipokea kama kawaida na sahihi ya mhazini itakuwa haijawasaidia kitu. Lakini kama chama kimekubaliana, na imeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, kwamba hesabu bila sahihi ya mhazini si hesabu, basi hiyo faili inaanguka yenyewe mlangoni. Yaani nguvu iko kwa anayeangalia, Excel haimlazimishi mtu kuangalia.

Njia ya pili ni ya mjuaji, anaogopa sahihi itatoka akitumia Excel, kwa hivyo anafungua zip na kubadilisha namba moja kwa moja ndani ya sheet1.xml, anafunga tena. Sahihi bado iko ndani, jina la mhazini bado liko, lakini alama iliyokokotolewa haifanani tena na kilichomo. Excel ikifungua inasema sahihi si halali. Hii ndio sehemu ambapo sahihi inafanya kazi yake safi kabisa, mtu amegusa tarakimu mbili tu na imejulikana.

Njia ya tatu ndiyo inayonasa watu. Anaediti, sahihi ya mhazini inatoka, halafu anasaini upya yeye mwenyewe kwa cheti alichojitengenezea, chenye jina la mhazini. Inawezekana, tena ni rahisi: Office inakuja na programu ndogo inaitwa SELFCERT.EXE, iko kwenye folda ya Office, unaiandikia jina lolote unalotaka na inakupa cheti. Imewekwa kwa watu wanaojaribu makro zao, si kwa mikataba. Faili yake sasa ina sahihi na ina jina la mhazini. Lakini kompyuta ya mwingine haikijui hicho cheti, hakuna shirika linaloaminika lililokitoa, kwa hivyo ukifungua Info na kubonyeza View Signatures haitakuambia kwamba ni halali, italalamika kuhusu cheti. Ukibonyeza sahihi na kuangalia Signature Details, kisha cheti chenyewe, utaona Issued to na Issued by zina jina lile lile. Mtu amejithibitisha mwenyewe. Ni kama kitambulisho ulichojichapishia kule River Road, jina ni sahihi na picha ni yako, lakini serikali haijui habari yake.

Na tafadhali, pale Excel ikikupa nafasi ya kuamini hicho cheti, usikubali tu ili lile onyo liondoke. Ukishakiamini kwenye kompyuta yako, kila faili atakayosaini huyo jamaa baadaye itakuja ikionekana halali kwako.

Kwa hivyo kukagua sahihi si kuona kwamba kuna sahihi. Fungua kwenye Excel ya Windows, usitegemee simu kwa hii kazi, nenda View Signatures na uangalie inasema halali, ni ya nani, na nani alikitoa cheti. Kwa hapa kwetu sheria inatambua sahihi za kielektroniki tangu ile Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 ilipofanyiwa marekebisho 2009, na wanaotoa vyeti wanapewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, halafu marekebisho ya sheria za biashara ya 2020 yakaingiza sahihi ya kielektroniki ya kiwango cha juu kwenye sheria ya mikataba. Cheti ulichojitengenezea na SELFCERT hakiko kwenye hiyo mnyororo.

Kuna mambo mengine ambayo sahihi halali kabisa bado haiyafanyi. Haifichi kitu. Faili iliyosainiwa inafunguliwa na inasomwa na kila mtu, ukitaka isisomwe na usiyempa ruhusa hiyo ni kazi ya Encrypt with Password, ambayo kweli inaifunga faili yote na bila paswadi haifunguki. Pia haimzuii mtu kukopi seli zote na kuzibandika kwenye faili mpya. Na haisemi kwamba namba ni za kweli, inasema tu mwenye ufunguo huu alisaini namba hizi: kama mhazini mwenyewe ameandika 84,500 mahali pa 94,500, sahihi itatetea hilo kosa vizuri sana.

Halafu kuna hii ya fomula, ambayo ni ya Excel hasa na kwenye PDF huipati. Kinachosainiwa ni fomula pamoja na matokeo yaliyokuwa yamehifadhiwa wakati huo. Kama kwenye shiti ya madeni kuna seli inayohesabu siku za kuchelewa, `=TODAY()-D14`, mhazini akisaini Ijumaa inaonyesha 40, mwenzake akifungua Jumatano inaonyesha 45, na faini iliyotegemea hiyo seli nayo imepanda. Faili haijaguswa na mtu, sahihi ni halali, na bado watu wawili wanaona namba tofauti kwenye hati moja iliyosainiwa. NOW na RAND ni vivyo hivyo, na fomula zinazovuta namba kutoka faili nyingine zinaweza kuleta shida kama hiyo zikisasishwa. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kusaini kopi hizo seli, Paste Special, Values, ibaki namba peke yake, na tarehe ya hesabu iandikwe kwa mkono. Kwenye dirisha la kusaini kuna maandishi yanayokupeleka kuona maelezo zaidi kuhusu unachosaini, wengi wanayapita, yafungue uone Excel inakuambia nini kuhusu faili yako.

Tarehe ya kusaini nayo usiiamini sana. Kwa kawaida inatoka kwenye saa ya kompyuta ya aliyesaini, na saa ya kompyuta mtu anaiweka anavyotaka. Kuna mhuri wa saa unaotoka kwa shirika la nje ambao unarekebisha hiyo shida, lakini ni lazima uwe umewekwa, haujitokezi wenyewe. Na hiyo tarehe ni muhimu kwa sababu toleo la zamani lililosainiwa linabaki halali. Mhazini akisaini la Machi halafu akarekebisha na kusaini la Aprili, yule wa mstari wa 14 anaweza kuleta la Machi mkutanoni na Excel itasema halali, kwa sababu ni halali kweli. Kwa hivyo namba ya toleo na tarehe ya hesabu ziandikwe ndani ya shiti, kwenye seli inayoonekana, ndio zisainiwe pamoja na hesabu.

Jingine ni kwamba sahihi ya makro si sahihi ya faili. Kwenye dirisha la VBA kuna Tools, Digital Signature, na hiyo inasaini kodi ya makro peke yake. Namba kwenye seli zinaweza kubadilishwa mchana kutwa na hiyo sahihi haitasema neno. Ukiambiwa "hii faili imesainiwa" uliza ni ipi kati ya hizo mbili.

Na hata ile ya faili yenyewe haishiki kila kitu kilichomo kwenye zip. Watafiti wa chuo kikuu cha Ruhr kule Bochum, Ujerumani, walionyesha 2023 kwamba sahihi za Office zinafunika sehemu tu za faili, na wakapata njia za kubadilisha kinachoonekana huku sahihi ikibaki inaonekana halali. Kwa chama cha watu 18 sidhani mtu ataenda umbali huo, lakini kwa zabuni ya mamilioni mimi singeweka imani yote kwenye sahihi ya .xlsx, ningetoa PDF na kuisaini hiyo, na Excel iende kando kama ya kufanyia hesabu.

Sasa kama chama hakina cheti na hakiko tayari kulipia, kuna njia ya bure ambayo inajibu lile swali la Jumapili, ipi ni ya mhazini. Akishamaliza kabisa na kufunga faili, afungue Command Prompt kwenye folda hiyo aandike:

```
certutil -hashfile hesabu.xlsx SHA256
```

Itatoka mlolongo wa herufi na tarakimu 64. Anautuma kwa njia nyingine tofauti na ile ya faili, kwa mfano esemesi kwa mwenyekiti na katibu, ama unaandikwa kwenye kumbukumbu. Jumapili katibu anaandika amri hiyo hiyo kwa zile faili mbili na moja tu ndiyo italeta mlolongo ule ule, ya 48,500 italeta kitu kisichofanana hata kidogo. Haisemi nani aliandika, inasema tu hii ndiyo ile. Angalizo moja: faili itumwe kama dokumenti na asifungue mtu akaisevu tena kabla ya kupima, kwa sababu Excel ikisevu tu, hata kama hujabadilisha namba yoyote, mlolongo unabadilika na mtashuku mtu asiye na hatia.